Kwa nini DNA hainakiliwi mara mbili

Kromosomu namba moja, iliyo ndefu kuliko zote za binadamu, ina herufi za DNA zipatazo milioni 250. Mtambo wa kunakili herufi hizo huenda pole pole, kiasi cha herufi 2,000 kwa dakika. Lau kazi ingeanzia katikati tu, mitambo miwili ikielekea pande mbili, ingechukua siku 43. Seli huimaliza kwa saa nane hivi, kwa kuwa katika DNA yake yote huanza kunakili kwenye makumi ya maelfu ya mahali. Mahali hapo tupaite vianzio.

Bakteria E. koli, mkazi wa utumbo wetu, ana kianzio kimoja tu. Mitambo yake ni ya kasi, herufi 1,000 kwa sekunde, na duara lake la herufi milioni 4.6 hukamilika kwa dakika 40. Ajabu ni kwamba akishiba hugawanyika kila dakika 20. Hufanikiwa kwa sababu huanza duru mpya kabla ya ile ya kwanza kwisha, hivyo mtoto huzaliwa na DNA ambayo tayari inanakiliwa kwa ajili ya wajukuu.

Hata hivyo, kianzio hicho hakianzi ovyo. Uzi wa zamani wa DNA una alama ndogo za kikemikali, ila uzi uliotoka kunakiliwa haujazipata. Protini iitwayo SeqA huitambua hali hiyo ya nusu alama na kukikalia kianzio kwa muda. Wakati huohuo DnaA, protini inayofungua kianzio, huzimwa. Bakteria, kwa ufupi, hujilinda kwa kuchelewesha.

Kwetu sisi kuchelewesha hakutoshi. Kuna vianzio vinavyowaka saa ya kwanza, na vingine saa ya saba. Seli itajuaje kwamba hiki kimekwisha kunakiliwa na kile bado?

Mwaka 1970 Potu Rao na Robert Johnson waliunganisha seli za binadamu mbili mbili, viini viwili vikaogelea katika ute mmoja. Kiini ambacho hakijaanza kunakili, kikiwekwa pamoja na kile kinachonakili, kilianza mapema. Lakini kiini kilichokwisha kunakili hakikushtuka, ingawa kilizungukwa na vichocheo vilevile. Basi tofauti ilikuwa ndani ya kiini chenyewe.

Mwaka 1988 Julian Blow na Ronald Laskey, wakitumia ute wa mayai ya chura, waliona kwamba kiini kilichonakiliwa kinaweza kunakiliwa tena kikitobolewa utando. Wakadai kuna kitu, wakakiita leseni, kinachoingia utando unapovunjika wakati wa seli kugawanyika, kisha kinatumika na kwisha. Walikaribia sana ukweli. Ila hamira nayo hunakili mara moja tu, na utando wa kiini chake hauvunjiki kamwe, kwa hiyo utando peke yake haukuwa jibu.

Leseni yenyewe ni pete. Kabla ya kunakili, kundi la protini liitwalo ORC hukaa kwenye kianzio, likasaidiwa na Cdc6 na Cdt1 kuvisha DNA pete mbili za protini za MCM. Pete hizo hukaa kimya. Kisha vimeng'enya viitwavyo CDK huongezeka na kufanya mambo mawili kwa pamoja: huziamsha pete, na huzuia pete mpya kuvishwa. Ni kama dirisha la tiketi linalofungwa kabla geti la kuingilia halijafunguliwa. Katika seli zetu, protini jeminini humkamata Cdt1 pia, na Cdt1 mwingine huharibiwa.

Sasa fumbo la Rao na Johnson linafumbuka. Pete iliyoamka huondoka kianzioni, kwani ndiyo inayotangulia mbele ikitenganisha nyuzi mbili. Kianzio kilichochelewa bado kina pete zake. Mtambo wa jirani ukikipitia kabla hakijawaka, pete hizo huondolewa pia. Popote paliponakiliwa hapana leseni, na hakuna anayeitoa hadi seli igawanyike na CDK ishuke.

Watafiti wakiiondoa jeminini katika seli fulani, ulinzi huvunjika. Ukizipaka seli rangi inayoshika DNA na kupima mng'ao wa kila moja, za kawaida hazizidi maradufu ya kiwango cha mwanzo. Hizi huzidi, bila kugawanyika. Mitambo mipya hufukuzana na ile ya mbele, na DNA hukatika.

Upungufu wa leseni nao una madhara. Mwaka 2011 ilibainika kuwa kasoro katika jeni za ORC, Cdc6 na Cdt1 husababisha ugonjwa adimu wa Meier-Gorlin: mtoto huwa mfupi, masikio madogo, na mara nyingi hana kilegesambwa. Seli zake hunakili DNA, lakini kwa vianzio vichache vyenye pete.