Kumjulisha Nahodha Mpya kwa Msururu wa Picha

Kampuni ndogo ya mashua inayowachukua wageni kutoka Shimoni kwenda kutazama pomboo wa Kisite-Mpunguti, ikiajiri nahodha mzaliwa wa Vanga, aghalabu humtangaza katika Instagram kwa msururu wa picha zinazotelezeshwa kwa kidole, na katika ile ya kwanza huandika kwamba amekaribishwa katika familia yao. Maneno mema hayo, walakini hayamfaidii lolote mgeni aliyeko Diani akitafuta mtu wa kumwamini baharini.

Picha ya kwanza yafaa imwonyeshe uso wazi, ameshika usukani, na chini yake jina na kazi: “Nahodha wa safari za asubuhi, Kisite.” Umbo la picha hiyo ndilo linalozitawala zinazofuata, kwa hiyo zote na ziandaliwe kwa upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1350, maandishi yakae mbali na kingo, kwani ile ya kwanza ikionekana katika ukurasa wa kampuni hupunguzwa pembeni.

Ya pili ndiyo inayodharauliwa, ilhali mtu aliyeipita ya kwanza bila kutelezesha huenda baadaye akaonyeshwa hii. Basi jina na kazi virudiwe humo, kisha ufuate wasifu. Neno “mzoefu” si ithibati ya chochote. Mgeni ataka kujua kama mtu huyu ayaweza maji wakati wa kusi, bahari inapochafuka, naye hujibiwa na mambo yanayoweza kuhakikishwa: “Amejifunza uvuvi Vanga kwa babake, ana cheti cha unahodha, ameendesha mashua za abiria misimu sita.” Nambari ya cheti isionekane pichani, wala ya kitambulisho.

Kisha pawe na jambo moja la binafsi, nalo na alichague mwenyewe. Akiulizwa tu, “Tuambie jambo kukuhusu,” atasema apenda kandanda, nasi hatujamjua bado. Bali akiulizwa ni nani aliyemfundisha majina ya miamba, pengine atamtaja babu yake na Kivumba alichokisikia chomboni, na hayo ndiyo maneno yatakayomfanya mgeni aketi karibu na usukani na kuuliza zaidi. Watoto wake na nyumba yake viachwe, hata kama picha zake ni nzuri.

Ridhaa yake ichukuliwe kwa maandishi, ikitaja picha zipi na zitatumika wapi, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yalinda sura ya mtu kama ilindavyo jina lake, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini kwa kuchapisha picha ya mteja asiyeridhia. Ridhaa hiyo aweza kuiondoa. Kwa kuwa picha moja yaweza kufutwa katika msururu na nyingine zikabaki, jambo la binafsi lipewe picha yake peke yake, lisichanganywe na cheti.