Linki Zinazojiita Benki, na Namna ya Kuisoma Anwani



Fedha ya karafuu inapoanza kuingia benki, ujumbe wa simu nao huongezeka. Mwingine ni wa benki kweli, na mwingine umeandikwa na mwizi aliyejivika jina la benki. Ujumbe wa namna hii ya pili aghlabu husema akaunti yako imefungwa, au kuna malipo yako yamezuiliwa, kisha hukupa linki ya kubonyeza upesi. Tumeona yafaa katika toleo hili tueleze jambo moja: mtu awezaje kuitazama anwani iliyomo katika linki akajua mlango anaoitwa auingie ni wa nani. Anayejua kusoma bahasha ya barua ataweza na hili, akishaonyeshwa pa kuanzia.

Kwanza tutazame yaliyotokea Singapuri, mji ambao wakulima wa karafuu wa visiwa hivi wamelijua jina lake tangu zamani, maana karafuu zetu zimekuwa zikiuzwa huko. Mwezi wa Disemba 2021 wateja wa benki iitwayo OCBC walipokea ujumbe wa kuwaambia kwamba kuna tatizo katika akaunti zao, na kwamba wabonyeze linki ili walitengeneze. Waliobonyeza walifika kwenye ukurasa uliofanana na wa benki yao kwa rangi, kwa alama na kwa maneno. Wakaandika jina na neno la siri. Hesabu ilipokamilika, wateja 790 walikuwa wamepotelewa na jumla ya dola za Singapuri milioni 13.7. Benki ile baadaye iliwarudishia wote fedha zao kwa hisani yake, lakini mtu asiitegemee hisani ya namna hiyo.

Twasikia mara nyingi watu wakisema kwamba wanaodanganywa hivi ni wajinga. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Ujumbe ule wa Singapuri uliingia katika simu chini ya jina lile lile la benki, ukajipanga pamoja na ujumbe wa kweli ambao benki ilikwisha kuwapelekea wateja zamani. Nani asingeuamini? Sababu yake ni kwamba jina linaloonekana juu ya ujumbe ni maandishi tu aliyoyaweka mtumaji, kama vile jina linaloandikwa nyuma ya bahasha. Simu haiendi kuuliza kama ni kweli. Hulisoma jina, ikaona linafanana na la jana, ikauweka ujumbe pale pale. Tangu Januari 2023 serikali ya Singapuri imelazimisha majina hayo yaandikishwe, na ujumbe wenye jina lisiloandikishwa huonyeshwa kwa maneno `Likely-SCAM`. Basi jina la juu tuliache, tuitazame linki yenyewe.

Mtu akiandika barua kwa jamaa yake wa Mtambile, huandika jina la mtu, kisha Mtambile, kisha Mkoani, kisha Pemba. Jina dogo hutangulia na jina kubwa huja mwisho. Posta huanza na lile la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua barua ipandishwe chombo gani. Sasa mtu akiandika «Mtambile, Mkoani, Pemba, Tanga», barua itakwenda Tanga, ijapokuwa Pemba imetajwa ndani yake. Huko Tanga mtu yeyote aweza kuliita shamba lake Pemba, wala hakuna wa kumzuia. Mfano huu tuushike, maana hila kubwa ya wezi hawa ndiyo hiyo.

Tuchukue benki ya kubuni, tuiite Benki Mfano. Anwani yake ya kweli tuseme ni hii:

```
https://mtandao.benkimfano.co.tz/ingia
```

Yale maneno ya mwanzo, `https://`, yaruke. Kisha peleka kidole mbele mpaka kwenye kistari cha mshazari cha kwanza kinachofuata, yaani `/`, usimame hapo. Yaliyo baada ya kistari hicho ni jina la chumba au la karatasi ndani ya nyumba, na mwenye nyumba huweza kuandika hapo chochote apendacho. Sasa rudi nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto. Unakutana na `tz`, maana yake Tanzania. Kisha `co`, maana yake mambo ya biashara. Haya mawili huenda pamoja, kama Mkoani na Pemba. Neno linalofuata kushoto kwake ndilo jina la mwenye nyumba: `benkimfano`. Lililo kushoto zaidi, `mtandao`, ni mlango mmojawapo ambao mwenyewe ameupa jina. Kwa hiyo nyumba hii ni ya `benkimfano.co.tz`.

Anwani nyingine hazina maneno mawili mwishoni bali moja, kama `.com`. Hapo mwenye nyumba ni neno lililo kushoto kwa `.com` moja kwa moja.

Sasa tuseme mwanachama anapokea ujumbe huu: «Malipo yako ya karafuu yamezuiliwa. Thibitisha akaunti kabla ya saa 12 jioni». Chini yake pana linki:

```
https://benkimfano.co.tz.uthibitisho.example/ingia
```

Jicho la haraka linaona jina la benki likiwa mwanzo kabisa, na `co.tz` ipo, na moyo unatulia. Lakini tufanye kama tulivyosema. Tunakwenda mpaka kistari cha mshazari, tunarudi nyuma. Neno la mwisho ni `example`. Kabla yake ni `uthibitisho`. Basi mwenye nyumba ni `uthibitisho.example`, na yale maneno `benkimfano.co.tz` ni majina ya milango aliyoyapaka mwenyewe kwa rangi. Hii ndiyo barua ya «Pemba, Tanga». (Mwisho huu `example` tumeutumia kwa makusudi, kwa kuwa umetengwa kwa ajili ya mifano na hauuzwi kwa mtu. Mwizi atatumia `.com`, `.top`, `.xyz` au mwingine wowote, kwa kuwa kuandikisha jina humgharimu fedha kidogo tu.) Ujue pia kwamba simu yenye kioo kidogo huweza kuikata anwani ndefu, ikaonyesha mwanzo tu, na jina la mwenye nyumba likabaki limefichika.

Hila nyingine ni kulitia jina la benki baada ya kistari, `uthibitisho.example/benkimfano.co.tz`. Hii umekwisha kuijua: mwenye nyumba yu kabla ya kistari. Nyingine ni kutumia kistari kifupi badala ya nukta, kama `benkimfano-co-tz.example`. Kistari kifupi hakigawi chochote. Neno lote lile ni moja, na si la benki. Tena ukiona alama ya `@` kabla ya kistari cha mshazari, yote yaliyo kushoto kwake si anwani hata kidogo, na nyumba yenyewe iko kulia kwake.

Hila iliyo ngumu zaidi ni ya herufi. Tafadhali soma taratibu:

```
https://benkirnfano.co.tz/ingia
```

Hapo hapana herufi m. Pana r na n zimesogezwa pamoja. Kwenye karatasi na miwani mtu aweza kuligundua. Kwenye simu, juani, mikono ikiwa na utomvu wa karafuu, si rahisi. Tena ziko herufi za kigeni, kama za Kirusi, ambazo umbo lake ni sawasawa na la a au o yetu, na hizo jicho la mwanadamu haliwezi kuzitenga. Ziko pia anwani zilizofupishwa, ambazo hazionyeshi mwisho wa safari. Hapa kusoma anwani kunafika mpaka wake, nasi hatutaki mwanachama adhani kuwa elimu hii inatosha kila mahali. Dawa ya hapa ni kutobonyeza kabisa. Iandike anwani ya benki kwa mkono wako, kama ulivyopewa tawini, au fungua programu ya benki iliyo tayari katika simu. Kama kweli malipo yamezuiliwa, utayaona humo.

Watu wengi wameambiwa watazame alama ya kufuli. Kufuli lina maana yake, lakini ndogo kuliko inavyodhaniwa. Husema kwamba njia kati ya simu yako na ukurasa ule imefungwa, asipate mtu mwingine kusikiliza njiani. Halisemi aliyekaa upande wa pili ni nani. Kufuli siku hizi hupatikana bure, na kurasa za wezi nazo zinalo.

Labda mwanachama atauliza: hata wakilipata neno langu la siri, si benki hunipelekea namba ya mara moja katika simu? Ni kweli, na hapo ndipo kazi ya ukurasa ule wa uwongo inapokamilika. Unapoandika neno la siri, mwizi analipokea saa ile ile na kuliandika katika ukurasa wa kweli wa benki. Benki, ikidhani ni wewe, inakupelekea namba. Ukurasa wa uwongo unakuomba namba hiyo, unaiandika, naye anaipeleka kabla muda wake haujakwisha. Wewe unaona maneno «tafadhali subiri», na wakati huo fedha inatoka. Kwa hiyo ujumbe ulioleta namba usome wote kabla ya kuitumia. Ukisema namba ni ya kuandikisha simu mpya, au ya kulipa mtu usiyemjua, nawe hukuomba jambo hilo, funga ukurasa hapo hapo.

Baada ya mkasa wa Singapuri, Januari 2022 mabenki ya huko yaliamriwa yaondoe linki za kubonyeza katika ujumbe wanaowapelekea wateja, na kuweka muda wa saa 12 angalau kabla simu mpya haijaruhusiwa kuidhinisha malipo. Kwa maoni yetu amri ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa bora, maana benki ikiacha kupeleka linki, kila linki inayokuja kwa jina lake inajulikana mara moja kuwa ni ya mwizi.

Ikiwa mwanachama amekwisha kuandika neno lake la siri katika ukurasa asiouamini, asingoje kuona kama fedha itapungua. Aipigie benki mara moja kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, si ile iliyo katika ujumbe, aombe akaunti izuiwe, kisha abadili neno la siri kwa kupitia anwani aliyoiandika mwenyewe. Ujumbe asiufute, kwa kuwa benki na polisi watauhitaji. Aupeleke pia kwenye namba 15040, inayopokea taarifa za ujumbe wa utapeli hapa Tanzania.