Wanachama Elfu Moja Wasiokuwepo

Chama cha akiba na mikopo kinataka kuachana na madaftari na kuweka kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Fundi aliyepewa kazi ya kuandika programu anahitaji wanachama wa kujaribia, wenye majina, tarehe za kuzaliwa, namba za simu, hisa na madeni. Njia ya mkato ni kuomba orodha halisi ya chama na kuanza nayo. Orodha hiyo itakaa kwenye kompyuta yake ya mkononi, atamtumia mwenzake kwa baruapepe, mwenzake atainakili kwenye flashi, na baada ya miezi miwili hakuna atakayejua nani ana madeni ya nani. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data za watu mwaka 2019 na Tanzania ikatunga ya kwake mwaka 2022, kwa hiyo mzaha huo sasa una gharama mahakamani pia.

Basi fundi huwabuni wanachama. Akiwabuni kwa mkono, wa kwanza anaitwa Juma Juma, wa pili Asha Asha, wote wamezaliwa tarehe 1 Januari 1990, na namba ya simu ni 0700000000 kwa kila mtu. Programu inawapokea bila taabu, kisha inakwama siku inapokutana na watu wa kweli. Ndiyo maana kazi ya kubuni hupewa kompyuta yenyewe: fundi anaipa orodha ya majina na masharti ya tarehe na simu, nayo inachagua kwa bahati nasibu mpaka wafike elfu moja.

Lakini bahati nasibu ya kompyuta si bahati kamili. Ndani yake kuna hesabu inayozaa mfululizo mrefu wa namba zisizo na mpangilio unaoonekana, na hesabu hiyo lazima ianzie mahali. Namba ya kuanzia huitwa mbegu. Ukiipa mbegu ileile, mfululizo unaozaliwa ni uleule, leo na mwakani. Lugha ya Python, ambayo wengi huitumia kwa kazi hii, hutumia kanuni ya Mersenne Twister, iliyobuniwa mwaka 1997 na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura. Mbegu inayopendwa na waandishi wa programu ni 42, kwa sababu ya utani uliomo katika riwaya ya Douglas Adams. Namba nyingine yoyote ingefaa vilevile.

Tuitumie hiyohiyo kuchagua majina ya ukoo. Nchini Tanzania jina kama Juma utalikuta mara nyingi kuliko Ng'wandu, kwa hiyo orodha haitoshi, kila jina lazima lipewe uzito wake. Tuseme katika kila watu kumi tunatarajia Juma wanne, Hamisi watatu, Mushi wawili na Ng'wandu mmoja:

```
import random
bahati = random.Random(42)
bahati.choices(
    ["Juma", "Hamisi", "Mushi", "Ng'wandu"],
    weights=[4, 3, 2, 1], k=10)
```

Mashine inatoa namba ya kwanza kati ya sifuri na moja. Kwa mbegu 42 namba hiyo ni 0.639 na videsimali vingine vingi nyuma yake. Inaizidisha kwa jumla ya uzito, yaani kumi, na kupata 6.39. Juma ameshika eneo la kuanzia 0 hadi 4, Hamisi 4 hadi 7, Mushi 7 hadi 9, na Ng'wandu sehemu iliyobaki. Kwa hiyo 6.39 inaangukia kwa Hamisi. Namba ya pili ni 0.025, ikizidishwa inakuwa 0.25, huyo ni Juma. Ukiendelea hivyo hadi kumi unapata Hamisi, Juma, Juma, Juma, Mushi, Hamisi, Mushi, Juma, Hamisi, Juma. Msomaji mwenye Python anaweza kujaribu sasa hivi, atapata haohao kwa mpangilio huohuo.

Angalia mambo mawili katika orodha hiyo. Juma watatu wamefuatana, jambo ambalo mtu anayebuni kwa mkono asingelifanya, kwa kuwa sisi binadamu tukitaka kuonyesha bahati nasibu huchanganya kupita kiasi. Na Ng'wandu hakutokea kabisa. Tulimpa nafasi moja kati ya kumi, tukachagua mara kumi, akakosa. Hilo si kosa la mashine: kitu chenye nafasi ya aina hiyo hukosekana katika machaguo kumi takriban mara moja kwa kila majaribio matatu.

Kukosekana kwake kunauma kwa sababu Ng'wandu ndiye mwanachama aliyehitajika zaidi kwenye jaribio. Katika SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, maneno hufungwa kati ya alama mbili zenye umbo la ritifaa. Fundi mzembe akiunga jina moja kwa moja ndani ya amri, hifadhidata inasoma Ng, inadhani jina limekwisha, kisha inashangaa wandu ni nini. Dawa yake ni kupitisha jina kama thamani, nje ya maandishi ya amri. Kuna na shida ya kimyakimya zaidi: baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, kibodi ya kompyuta huandika iliyonyooka, na ndugu wawili wa ukoo mmoja wanahifadhiwa kwa majina mawili tofauti. Karani anamtafuta mmoja, anaambiwa hayupo.

Kwa maoni yangu hapa ndipo wengi huitegemea bahati kupita uwezo wake. Wanachama wagumu wapandwe kwa makusudi mwanzoni mwa orodha: mwenye ritifaa, mwenye jina moja tu, mwenye jina refu kama Mwanahamisi mara tatu, wawili wanaofanana majina yote matatu. Bahati nasibu ijaze wengine waliobaki.

Namba za simu zina mtego wake. Namba ya Tanzania ina sifuri ya mwanzo na tarakimu tisa nyuma yake. Ukishika 075, zinabaki tarakimu saba, yaani namba milioni kumi. Fundi anamwambia Python achague kati ya 0 na 9,999,999, kisha anaibandika nyuma ya 075. Ikichaguliwa 482,117, simu inatoka 075482117, pungufu kwa tarakimu moja, kwa kuwa sifuri ya mbele haiandikwi kwenye namba ya kawaida. Namba moja katika kila kumi itatoka fupi hivyo. Wengine hukwepa kwa kuanzia 1,000,000, na matokeo yake programu haijaribiwi kamwe na simu yenye sifuri baada ya 075. Sahihi ni kujaza sifuri mpaka tarakimu zitimie saba, na kuhifadhi simu kama maandishi.

Namba iliyobuniwa vizuri hivyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya mtu. Programu ya majaribio ikituma ujumbe kwamba mkopo wa shilingi 800,000 umechelewa, kuna mtu ataupokea akiwa shambani. Uingereza, mamlaka ya mawasiliano imetenga namba 1,000 za simu za mkononi kwa ajili ya tamthilia, kuanzia 07700 900000, na Marekani hutumia zile za 555-0100 hadi 555-0199. Kwa baruapepe kuna example.com, iliyotengwa tangu 1999. Kwa chama chetu, kinga ya uhakika ni programu ya majaribio kutopewa kabisa nywila ya mtambo wa kutuma ujumbe.

Turudi kwenye mbegu, maana inaponyoka kirahisi. Machaguo yote hutoka kwenye mfululizo mmoja kama shanga za uzi mmoja: jina linachukua moja, tarehe inayofuata, simu nyingine. Siku fundi anapoongeza jinsia katikati, shanga moja zaidi inatumika kwa kila mwanachama, na kuanzia hapo kila mtu anabadilika ingawa mbegu ni ileile. Jaribio lililosema mwanachama wa 40 ni Hamisi linaanguka bila kosa lolote kwenye programu. Kinga ni kumpa kila kipengele mfululizo wake, kwa mfano `random.Random("simu-42")` kwa simu na `random.Random("majina-42")` kwa majina. Mwizi mwingine ni tarehe ya leo. Ukibuni watu wenye umri wa miaka 18 hadi 70 ukihesabu kutoka leo, kesho utapata watu wengine. Chagua siku moja, sema 1 Januari 2025, uiandike ndani ya programu kama ndiyo leo.

Tarehe zenyewe zinataka kuhusiana. Mwanachama hajiungi kabla ya kutimiza miaka 18, na namba yake ya NIDA, yenye tarakimu 20, huanza na mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa, kwa hiyo ikibuniwa peke yake itagongana na tarehe. Kwanza hubuniwa kuzaliwa, mengine yafuate. Usichague siku, mwezi na mwaka kila kimoja peke yake, utapata 31 Aprili. Wapo wanaoishia siku ya 28 ili wasisumbuke. Njia nzuri ni kuchagua idadi ya siku na kuijumlisha kwenye tarehe ya mwanzo, kalenda ijipange yenyewe.

Ukifanya hivyo, 29 Februari itajitokeza. Ni siku moja kati ya 1,461, hivyo katika wanachama elfu moja nafasi ya kumpata angalau mmoja ni karibu nusu kwa nusu. Fundi wetu, akitafuta siku ambayo mtu anatimiza miaka 18, aliandika amri inayobadilisha mwaka tu: 2004 iwe 2022. Kwa aliyezaliwa 29 Februari 2004, Python anakataa kwa `ValueError`, kwa sababu mwaka 2022 haukuwa na siku hiyo. Bila mbegu, jaribio hili linaanguka Jumatatu, linapita Jumanne, na Jumatano watu wanasema ni umeme tu. Kwa mbegu, kompyuta inaandika kwenye ripoti kwamba limeanguka kwa mbegu 90817, mwanachama wa 613. Mwenzake aliyeko Mwanza anaingiza 90817 kwenye kompyuta yake, anampata mwanachama huyohuyo na kosa lilelile, mara ngapi apendavyo, mpaka alitibu.

Kulitibu kunataka jibu moja ambalo fundi hana: aliyezaliwa siku hiyo anatimiza miaka 18 tarehe 28 Februari au 1 Machi? Swali hilo linapelekwa kwa bodi ya chama, na likishajibiwa, mwanachama wa 29 Februari anaandikwa kwa mkono karibu na Ng'wandu, juu kabisa ya orodha.