Fuata Elektroni: Usanisinuru Kutoka Maji Hadi Sukari

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huja chuoni na mlinganyo huu waliokariri sekondari:

6CO2 + 6H2O → C6H12O6 + 6O2

Kihesabu hauna kasoro. Lakini hebu zihesabu atomu za oksijeni. Gesi inayotoka upande wa kulia ina atomu 12, na maji ya upande wa kushoto yana 6 tu. Anayeufuata mlinganyo huu atalazimika kusema kwamba nusu ya oksijeni ilitoka kwenye kabonidayoksaidi, na hilo si kweli. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko Berkeley, California, waliuweka mwani kwenye maji yenye oksijeni nzito, ile ya uzito wa 18. Kiwango cha oksijeni nzito katika gesi iliyotoka kilifuata kile cha maji. Gesi yote hutoka kwenye maji, kwa hiyo ni afadhali tuandike hivi:

6CO2 + 12H2O → C6H12O6 + 6O2 + 6H2O

Hata huu unataja mwanzo na mwisho tu. Yanayotokea katikati huonekana mtu akiifuata elektroni moja tangu inapong'olewa kwenye maji mpaka inapoingia kwenye sukari.

Safari inaanzia ndani ya kloroplasti, kwenye tandotando zilizopangwa tabaka juu ya tabaka ziitwazo thailakoidi. Humo mna klorofili. Chembe ya nuru, yaani fotoni, ikiigonga molekuli ya klorofili, elektroni yake moja hupanda ngazi ya juu ya nishati. Haiwezi kukaa huko. Ndani ya jani nishati hiyo hupokezanwa kutoka klorofili moja hadi nyingine, mpaka ifike kwenye kituo ambako elektroni huondoka kabisa na kuchukuliwa na molekuli nyingine.

Ukitaka kuona umuhimu wa huyo mpokeaji, twanga majani ya mchicha, yaloweke kwenye spiriti, uchuje, kisha umulike maji hayo ya kijani gizani kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Yatang'aa mekundu. Klorofili bado inanasa nuru kama kawaida, ila mpangilio wa thailakoidi umevunjika na hakuna wa kuichukua elektroni. Elektroni hurudi chini ilikotoka, na sehemu ya nishati yake hutoka kama nuru nyekundu. Kumbuka wekundu huo, maana tutauhitaji baadaye.

Kituo cha kwanza kupoteza elektroni kinaitwa fotosistemu ya II. Namba isikuchanganye, ilifuata mpangilio wa ugunduzi na si wa kazi. Kituo hicho kikishapoteza elektroni huwa na uchu mkali wa kuifidia, kiasi cha kuweza kuyanyang'anya maji, jambo ambalo vitu vichache sana ndani ya seli vinaliweza. Kinachofanya unyang'anyi wenyewe ni kifundo cha atomu 4 za manganizi na 1 ya kalisi. Molekuli 2 za maji zikipasuliwa, hutoka elektroni 4, protoni 4 na molekuli 1 ya oksijeni. Kwa mmea, oksijeni hiyo ni mabaki tu.

Elektroni yetu sasa inabebwa na plastokwinoni, molekuli ya mafuta inayoelea ndani ya utando. Hapa pana mlango mwembamba, na watengenezaji wa viuagugu wanaujua. Atrazini, dawa inayopuliziwa magugu katika mashamba ya mahindi, hukaa mahali pa plastokwinoni kwenye fotosistemu ya II, na elektroni hukosa pa kwenda. Mtu angedhani gugu hufa kwa kukosa chakula. Kinachoanza kuliua ni nuru yenyewe: klorofili iliyosheheni nishati isiyopokelewa huzalisha oksijeni kali inayochoma tando za jani. Jani likiwa bado kijani, kipimo cha mng'ao huonyesha kuwa wekundu wake umepanda, sawa na ule wa mchicha kwenye spiriti. Mahindi yenyewe husalimika kwa sababu yana vimeng'enya vya kuivunja nguvu dawa hiyo.

Mlango ukiwa wazi, elektroni hupita na kuendelea kuteremka kinishati. Kila inapopita, protoni huvutwa kutoka nje ya thailakoidi na kuingizwa ndani, zikijiunga na zile zilizotokana na maji. Protoni hizo hurundikana kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa, na njia yao ya kutokea ni kimeng'enya kinachozunguka kama tabo la umeme kila zinapopita. Mzunguko huo ndio unaounganisha ADP na fosfati kuwa ATP. Mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe waliloweka thailakoidi kwenye asidi, wakazihamishia ghafla kwenye maji yenye alikali, na ATP ikatengenezwa gizani. Tofauti ya protoni ilitosha, nuru haikuhitajika.

Elektroni imechoka ifikapo fotosistemu ya I. Fotoni ya pili huipandisha tena, juu zaidi ya mara ya kwanza, na mwishoni hutua kwenye NADPH. Hesabu yake basi ni fotoni 2 kwa kila elektroni.

Nje ya thailakoidi, kwenye ute wa kloroplasti, kimeng'enya Rubisko kinaishika CO2 na kuipachika kwenye sukari ya kaboni 5 iitwayo RuBP. Zao lake hugawanyika mara moja kuwa molekuli 2 za kaboni 3, ziitwazo PGA. Hapo ndipo ATP na NADPH zinapotumika kuigeuza PGA kuwa sukari ya kaboni 3. Sehemu kubwa ya sukari hiyo hurudishwa kutengeneza RuBP upya, tena kwa gharama ya ATP nyingine. Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham waliifuatilia njia hii kwa kaboni ya mnururisho, na Calvin akapewa Nobeli mwaka 1961.

Vitabu vingi huita sehemu hii hatua ya giza, na mwanafunzi hudhani inafanyika usiku. Mulika mwani, kisha zima taa ghafla. PGA itapanda na RuBP itashuka. Rubisko bado inaendelea kuila RuBP na kutoa PGA, lakini hakuna ATP na NADPH mpya za kuisogeza PGA mbele. Ukiacha taa ikiwaka na kuondoa CO2, mambo hugeuka: RuBP hurundikana, PGA hupungua. Atakayeeleza matokeo yote mawili bila kufungua daftari ameuelewa mzunguko.

Sasa tufunge mahesabu kwa CO2 tatu, zinazotoa sukari moja ya kaboni 3. Zinatakiwa NADPH 6 na ATP 9. NADPH 6 ni elektroni 12, yaani fotoni 24, maji 6 yaliyopasuliwa na oksijeni 3. Elektroni hizo huingiza protoni 36. Kwenye kloroplasti ya spinachi protoni 14 hutoa ATP 3, kwa hiyo tunapata ATP 7 na ushei. Pungufu! Kloroplasti huliziba pengo hilo kwa kuzirudisha baadhi ya elektroni za fotosistemu ya I nyuma, kwenye plastokwinoni. Zinazunguka hapo zikiongeza protoni na ATP, bila kupasua maji, bila NADPH wala oksijeni.