Programu ya Pesa Inapogomea Waifai ya Nyumbani

Simu ikiwa kwenye bando, programu ya pesa inafunguka, salio linaonekana na muamala unakwenda. Ikiunganishwa na waifai ya sebuleni, inazunguka weee, kisha inasema hakuna mtandao, na huku YouTube kwenye simu hiyohiyo inacheza bila kukwama. Watu wengi wakifika hapo huilaumu kampuni ya simu, wanaifuta programu, wanaipakua upya, na tatizo linabaki palepale. Mara nyingi kosa liko kwenye rauta. Dalili ya kwanza ya kuangalia ni muda: je, programu inakataa papo hapo, au inasubiri sana ndipo ikatae?

Tuchukue nyumba ya mfano Buhembe, kata ya Manispaa ya Bukoba. Mzee wa nyumba amechoshwa na matangazo kwenye simu za watoto, na amechoshwa zaidi na vijana wanaobeti. Fundi amemwekea kwenye rauta DNS inayochuja matangazo, 94.140.14.14, na kwenye ukurasa wa ulinzi wa watoto ameandika neno moja la kuzuia: `bet`. Wiki inayofuata mama wa nyumba hawezi kulipia chochote akiwa kwenye waifai.

Kabla ya kuigusa rauta, kuna jaribio la dakika mbili. Simu ya pili iwashwe hotspoti kwa bando lake, kisha simu yenye tatizo izimiwe data na iunganishwe humo. Sasa iko kwenye waifai, lakini si ile ya nyumbani. Programu ikifanya kazi, rauta ndiyo mtuhumiwa. Ikigoma hata hapo, huenda imeundwa hivyo: baadhi ya programu za pesa, hasa siku ya kujisajili, huthibitisha namba kwa kuitambua laini ambayo data inapitia, na waifai yoyote haiwezi kuzipa taarifa hiyo. Dawa yake ni kujisajili kwa bando kwanza. Simu ya hotspoti iwe na laini ya kampuni nyingine, maana laini ya kampuni ileile inaweza kuifanya programu isome namba ya mwenye hotspoti. Menyu ya `*150*00#` na wenzake haisaidii kupima, kwa kuwa haipiti kwenye intaneti, lakini kama kuna ada ya kulipwa leo, ilipiwe huko na uchunguzi usubiri.

Kwa mama wetu, hotspoti inafanya kazi. Kwenye waifai ya nyumbani, programu inakataa ndani ya sekunde moja. Kukataa haraka hivyo kunaelekeza kwenye DNS, yaani kitabu cha anwani ambacho simu hukifungua ili ijue seva yenye jina fulani iko wapi. Kichujio kikilichukia jina, hujibu kwamba halipo, au hutoa anwani ya uongo, 0.0.0.0, na simu haina pa kwenda. Kompyuta iliyo kwenye waifai hiyohiyo inaonyesha hilo wazi. Jina moja linalozuiwa sana na vichujio vya matangazo ni la seva ya Google ya kupima matumizi ya programu:

```
nslookup app-measurement.com
nslookup app-measurement.com 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza unauliza DNS ya nyumbani, wa pili unauliza ya Google. Wa kwanza ukirudisha 0.0.0.0 na wa pili ukirudisha anwani halisi, kichujio kinafanya kazi. Hapo tahadhari: kuzuiwa kwa jina hilo peke yake si ushahidi kwamba ndilo linaloikwamisha programu. Programu iliyoandikwa vizuri huikosa seva ya takwimu na kuendelea na kazi. Iliyoandikwa ovyo husimama kwenye ukurasa wa kwanza ikiingoja. Ili kupata jina lenyewe, fungua kumbukumbu za rauta, kama inazo, dakika ileile programu inapogoma.

Kwenye kumbukumbu za nyumba hii, mkosaji anageuka kuwa lile neno `bet`. Rauta nyingi huzuia jina lolote lenye herufi hizo mfululizo, popote zilipo. Seva ikiwa na `beta` katika jina lake, imekwenda na maji pamoja na kampuni za kubeti. `alphabet` nayo vilevile. Ndiyo maana nisingemshauri mzazi atumie orodha ya maneno kabisa. Orodha ya majina kamili ya tovuti inachosha kuiandika lakini haiumizi wasiohusika. Neno likifutwa, simu izimwe waifai na kuwashwa tena, kwa sababu hukumbuka majibu ya zamani kwa muda.

Programu sasa inafunguka, ila kila mara inachelewa kama sekunde kumi. Huo ni ugonjwa mwingine. Kuchelewa maana yake jina limepatikana, simu imebisha hodi, na hakuna aliyejibu. Inawezekana fayawoli ya rauta imewekwa kwenye kiwango cha juu na inameza kimyakimya kila kitu kisichopita milango 80 na 443. Lakini kizuizi kama hicho huizuia programu moja kwa moja, hakiiruhusu baada ya kuchelewa. Inayochelewa kisha ikafaulu inaashiria anwani za toleo la sita, IPv6.

Rauta inaweza kuitangazia simu kwamba njia ya toleo la sita ipo, wakati upande wa nje njia hiyo imekatika. Simu hupewa anwani inayoonekana nzuri. Za Afrika nyingi huanza na `2c0f`. (Inayoanza na `fe80` ni ya ndani ya nyumba tu, usiihesabu.) Kivinjari hakitambui tofauti, kwani hujaribu toleo la sita na baada ya robo sekunde hivi hujaribu la nne, kisha hufuata lililojibu kwanza. Programu nyingi za Android hutumia maktaba iitwayo OkHttp, ambayo kwa miaka mingi ilijaribu anwani moja baada ya nyingine na kuipa kila moja sekunde 10. Ndizo zile sekunde za mama. Pima hivi kwenye Windows:

```
ping -6 google.com
ping -4 google.com
```

Amri ya pili ikijibu na ya kwanza ikakaa kimya, huku kompyuta ina anwani ya `2c0f`, toleo la sita limekufa njiani. Lizime kwenye rauta, washa upya simu, jaribu tena. Kwa nyumba ambayo mtoa huduma hajawapa toleo la sita linalofanya kazi, sioni ubaya wa kuliacha likiwa limezimwa.

Kuna mtego mmoja hapo. Rauta hugawa DNS mara mbili, moja kwa toleo la nne na nyingine kwa la sita, na mafundi wengi hubadilisha ya toleo la nne tu. Kwa hiyo ukizima la sita, simu ambazo zilikuwa zikikikwepa kichujio kupitia la sita zitaanza kukipitia, na programu iliyokuwa nzima kwenye simu ya jirani wa chumba cha pili inaweza kugoma jioni hiyohiyo. Zima kitu kimoja, pima simu zote, ndipo uguse kingine.

Unapompigia mtoa huduma, usimwambie programu ya pesa haifunguki. Mwambie simu inapata anwani ya IPv6, `ping -6` haijibu na `ping -4` inajibu. Mwombe pia akuhifadhie upande wake mpangilio wa kulizima toleo la sita, maana rauta nyingi zikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, au mtoa huduma akisukuma mpangilio mpya kutoka mbali, toleo la sita hujiwasha tena.