Kabla ya kupaka piko, tazama ngozi ya kichwa kwanza

Dadangu ana soriasisi ya kichwani: mabaka mekundu yenye magamba meupe mazito, yanayoshuka hadi kwenye kipaji. Mwezi mmoja kabla ya harusi ya bintiye, alinunua rangi nyeusi afiche mvi. Nilimwomba asubiri, akaniuliza, "Kwani hii ni dawa ya panya?"

Si sumu ya panya, lakini rangi nyingi nyeusi, pamoja na piko tunayochorwa mikononi, zina kemikali iitwayo PPD. Mwenye soriasisi au ukurutu akijikuna, ngozi hupasuka, na kemikali hupenya kwa urahisi. Isitoshe, soriasisi ina tabia yake: palipochubuka au kuungua, baka jipya linaweza kuota wiki moja au mbili baadaye.

Hatari ya pili ni mzio. Mwili ukishaikataa PPD, hausahau. Aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa piko ya mkononi asiipake kichwani kamwe, hata kama ni miaka kumi iliyopita. Na tusidanganywe na maandishi "haina amonia" kwenye boksi. Amonia ni kitu kingine. PPD inaweza kuwa ndani vilevile.

Dadangu alikwenda kwanza kwa daktari, akapewa dawa ya kupaka. Baada ya wiki tatu michubuko ilikuwa imefunga, ingawa magamba machache yalibaki. Hapo akachagua hina halisi, ile ya unga wa kijani. Aliikoroga kwa maji matupu, bila ndimu, kwani ndimu huwasha palipochubuka. Alipaka kidogo ndani ya kiwiko, akangoja siku mbili, kwa sababu mzio wa ngozi mara nyingi hauonekani siku ile ile. Hakuona kitu, ndipo akapaka kichwani.

Mvi zake zilitoka rangi ya machungwa, si nyeusi. Hina halisi haigeuzi nywele kuwa nyeusi. Ukiuziwa "hina nyeusi" inayoshika kwa nusu saa, jua imechanganywa.

Kwa asiyetaka hina, msusi anaweza kupaka rangi kwenye nywele tu, akianzia mbali kidogo na shina, ili isiguse ngozi. Hii haimfai mwenye mzio wa PPD, kwa kuwa rangi itamgusa usoni na shingoni.

Muone daktari kabla ya kupaka ikiwa kichwa kinatoa maji au usaha, kina vidonda, au nywele zinang'oka kwa mabaka. Ukishapaka na kichwa kikawaka, osha mara moja kwa maji mengi. Usivumilie eti rangi ishike. Macho au uso ukivimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikibana, ni dharura: usingoje hata dakika.

Harusini dadangu alijifunga mtandio wake, na mvi za machungwa zikichungulia. Hakujikuna hata mara moja.