Neno moja mezani kwa mkutubi

Mwanafunzi anafika kwenye meza ya maktaba na kusema: "Shikamoo. Nataka dini." Basi.

Mkutubi mzoefu hatazami kanzu wala rozari, wala hakimbilii kabatini. Katika mpangilio wa Dewey, uliotolewa mwaka 1876, dini imepewa namba 200 hadi 299: Biblia iko 220, Uislamu 297, na dini za asili za Afrika ziko ndani ya 299. Akikisia, huenda akamkabidhi mgeni kitabu cha ibada ilhali alitaka historia.

"Marahaba. Ungependa kujua nini hasa kuhusu dini?" anauliza, kwa sauti ileile ambayo angeitumia kwa siasa au mapenzi. Swali la ndiyo au hapana lingemfunga mwanafunzi, na "kwa nini?" lingemfanya ajihisi anahojiwa.

"Wamisionari." Wa wapi? Bagamoyo. Sasa rafu ni nyingine: historia ya misheni, 266.

Mwaka 1968, Robert Taylor wa Marekani alieleza kwamba msomaji huanza na haja ambayo bado hajaweza kuitamka, kisha huipunguza ilingane na anachodhani maktaba inacho. Ndiyo maana maswali mawili matatu hutangulia kitabu.